Hukupata Kazi: Namna ya Kumwambia Mtu

Matangazo mengi ya kazi humalizika kwa onyo kwamba watakaochaguliwa kwa usaili ndio watakaojulishwa. Kwa aliyetuma maombi tu, hilo linatosha: siku zikipita, ameshaelewa. Aliyekuja kusailiwa ni suala jingine. Asipojibiwa atabaki roho juu, pengine hata akatae kibarua kwa kudhani kesho ataitwa.

Tuseme duka la vipuri Kariakoo linatafuta mtunza stoo. Wamesailiwa watatu, mmoja amechaguliwa. Mwenye duka asikimbilie kuwajibu wawili waliobaki jioni ileile, kwa sababu wa kwanza akighairi, wa pili ndiye tegemeo. Asubiri mkataba utiwe saini, kisha awajibu siku hiyohiyo. Saini ikichelewa, awaeleze kwamba uamuzi haujakamilika na awape siku ya kupata jibu.

Jibu lenyewe, kwa mmoja wao, linaweza kuwa hivi:

“Habari za leo, dada. Nafasi ya mtunza stoo amepewa mwombaji mwingine. Mwenzako ameshatumia programu ya kompyuta ya kuhesabu mali, sifa ya ziada tuliyoitaja kwenye tangazo. Ulivyoeleza namna ya kufuatilia mzigo uliopungua kulituridhisha. Asante kwa kuja Jumanne.”

Baada ya salamu, habari yenyewe inakuja mara moja. Ukianza na “tunasikitika kukujulisha kwamba baada ya tathmini ya kina”, msomaji anaruka maneno akitafuta kama amepata au amekosa. Sababu nayo imetoka kwenye tangazo, si kwenye tabia yake. Ukimwandikia kwamba hakuchangamka, unafungua ubishi, na hana la kufanya na maneno hayo. Sifa aliyopewa ni ya jambo alilolisema mbele yao. Kama halipo, sentensi hiyo ifutwe. Na kama ukweli ni kwamba nafasi ilikuwa na mtu wake tangu mwanzo, usibuni sababu nyingine. Mpe matokeo, mshukuru, uishie hapo.

Kishawishi kikubwa ni kuongeza “tutahifadhi CV yako”. Ahadi hiyo ina maana pale tu panapokuwa na mahali pa kuhifadhi na mtu wa kufungua. Sekretarieti ya Ajira ya Tanzania, kwa mfano, ina kanzidata ya waliofaulu usaili wakakosa nafasi, na matangazo yake ya kuitwa kazini huchukua majina humo pia. Duka letu halina kitu kama hicho. Bahasha za maombi zitaishia chini ya kaunta. Kama mwenye duka anajua kweli atafungua tawi jingine, aseme kwamba nafasi zitatangazwa na dada ataomba upya, sawa na wengine.