Kuzima sauti ya msimulizi kwenye filamu

Faili moja la filamu linaweza kubeba mikondo kadhaa ya sauti kwa picha ileile. Mmoja ni sauti ya filamu yenyewe, yaani mazungumzo, muziki na milio. Mwingine unaweza kuwa wa maelezo kwa watazamaji wasioona, ambamo msimulizi hutaja kinachotokea kwenye picha: nani ameingia, ameshika nini, ametazama wapi. Wa tatu unaweza kuwa wa mwongozaji na wenzake wakizungumzia jinsi filamu ilivyopigwa huku filamu ikiendelea. DVD ilipangwa kubeba hadi mikondo 8 ya sauti, na ndani yake kuna namba ndogo inayotambulisha kazi ya kila mkondo: sauti ya kawaida, maelezo kwa wasioona, au mazungumzo ya mwongozaji. Filamu inapohamishwa kutoka kwenye DVD na kuwa faili la kompyuta, namba hiyo hupotea mara nyingi. Kinachobaki ni mikondo miwili au mitatu, yote ikiwa na jina moja tu, «English». Ndiyo maana mtu hufungua filamu na kukuta mgeni anazungumza juu ya kila tukio.

Katika faili za namna hii, jambo la kwanza kueleweka ni kwamba msimulizi hakai peke yake kwenye mkondo wake. Sauti yake imekwisha kuchanganywa na sauti nzima ya filamu, na mahali anapozungumza muziki na milio vimepunguzwa ili asikike. Kila mkondo, basi, unajitosheleza, na programu hucheza mmoja tu kwa wakati mmoja. Kumzima msimulizi maana yake ni kuhamia mkondo mwingine. Anayechagua «Disable» kwenye orodha ya sauti hupoteza vyote kwa pamoja, msimulizi na filamu. Baadhi ya matangazo ya televisheni ya dijitali hufanya tofauti: hurusha sauti ya msimulizi peke yake, na king'amuzi au televisheni ndiyo inayoichanganya na sauti ya kipindi. Huko kuna swichi halisi ya kuwasha na kuzima, nayo hukaa kwenye mipangilio ya sauti ya kifaa hicho.

Kutambua ni sauti gani inayosikika

Maelezo kwa wasioona na mazungumzo ya mwongozaji hutofautiana kwa jinsi yanavyoingia. Msimulizi wa wasioona husubiri nafasi. Wahusika wakizungumza, hunyamaza; wakinyamaza, huingia kwa sentensi fupi za wakati uliopo. Mahali rahisi pa kumpata ni kwenye tukio lisilo na maneno, kama mtu anayetembea peke yake au magari yanayofukuzana, na pia mwanzoni, ambapo mara nyingi husoma majina ya waigizaji yanapopita. Mwongozaji hasubiri nafasi. Yeye na wenzake huzungumza juu ya mazungumzo ya wahusika, hucheka, huruka kutoka habari moja hadi nyingine, na filamu husikika kwa mbali nyuma yao. Desturi hiyo ilianza mwaka 1984, kampuni ya Criterion ilipotoa filamu ya King Kong kwenye diski ya leza ikiwa na sauti ya mtaalamu wa filamu Ronald Haver kwenye mkondo wa pili.

Sauti ya tatu inayochanganywa na hizo haitoki kwenye filamu kabisa. Ni programu ya kusoma skrini, kama Narrator ya Windows au TalkBack ya Android. Kuitambua kunahitaji kusimamisha filamu tu. Picha ikisimama na sauti bado inataja vitufe na majina ya menyu, hakuna mkondo utakaoiondoa; lazima programu hiyo yenyewe izimwe. Kwenye Windows 10 na 11 Narrator huzimwa kwa kubonyeza pamoja kitufe cha Windows, Ctrl na Enter.

Mfano mmoja kwenye VLC

VLC ni programu ya bure ya kuchezea video inayopatikana kwenye kompyuta na simu, na hatua zake zinafanana na za programu nyingi nyingine. Tuseme kuna faili liitwalo filamu.mkv lililotokana na DVD. Linapofunguliwa, msimulizi anasikika tangu sekunde za kwanza. Kwenye menyu ya Audio, chini ya Audio Track, kuna majina matatu: Track 1, Track 2 na Track 3, yote yakifuatiwa na «English». Alama ya kuchaguliwa iko kwenye Track 1.

Njia ya haraka ni kubonyeza herufi b kwenye kibodi. Kila ikibonyezwa, VLC huhamia mkondo unaofuata na kuandika jina lake kwenye picha. Filamu haianzi upya. Inaendelea palepale, kwa hiyo mikondo inaweza kulinganishwa kwenye tukio lilelile. Katika mfano huu Track 2 inatoa filamu bila msimulizi, na Track 3 inatoa sauti za watu wawili wakizungumzia upigaji picha. Kwenye simu herufi hiyo haipo. Skrini huguswa ili vitufe vitokee, kisha hufunguliwa orodha ya sauti na manukuu, na mkondo huchaguliwa humo.

Pale majina yasipotofautisha chochote, idadi ya chaneli inaweza kuonyesha njia. Ctrl na J vikibonyezwa pamoja, VLC hufungua dirisha la Codec Information linaloorodhesha kila mkondo na sifa zake. Sauti kuu ya filamu ya DVD mara nyingi huwa na chaneli 6, ambazo VLC huziandika 3F2R/LFE: tatu za mbele, mbili za nyuma na moja ya mlio mzito. Mazungumzo ya mwongozaji kwa kawaida huwa Stereo tu, yaani chaneli 2, na maelezo kwa wasioona mara nyingi huwa hivyo pia. Dalili hii husaidia kuchagua wa kujaribu kwanza, lakini filamu za zamani zina sauti kuu ya chaneli 2 au hata 1, hivyo mwamuzi wa mwisho ni sikio.

Kwa nini msimulizi hurudi

Kesho yake faili lilelile linapofunguliwa, msimulizi anaweza kuwa amerudi. Chaguo lililofanywa kwa herufi b halikuandikwa ndani ya faili. Faili la MKV lina alama zake zenyewe, na mojawapo huwaambia wachezaji wote ni mkondo upi uanze. Aliyetengeneza faili hili aliweka alama hiyo kwenye mkondo wa kwanza, na VLC inamtii.

Mtu anaweza kufikiri kwamba tiba ni kuandika lugha anayoitaka kwenye Preferred audio language, ndani ya mipangilio ya Audio. Mpangilio huo hufaa pale mikondo inapokuwa ya lugha tofauti, kwa mfano Kiingereza na Kifaransa. Hapa mikondo yote mitatu ni ya Kiingereza, kwa hiyo lugha haiwezi kumtenga msimulizi. VLC inaweza pia kuamriwa ianze na mkondo fulani:

```
vlc --audio-track=1 filamu.mkv
```

Namba 1 katika amri hii ni mkondo wa pili, kwa kuwa hesabu huanzia 0. Amri hiyo hufanya kazi kwa mara hiyo moja. Namba hiyohiyo ikihifadhiwa kwenye mipangilio ya kudumu, itatumika kwa kila filamu, na katika filamu nyingine mkondo wa pili unaweza kuwa ndio wa msimulizi.

Tiba ya kudumu ni kurekebisha alama ndani ya faili lenyewe. Kazi hiyo hufanywa na mkvpropedit, programu ndogo iliyomo kwenye kifurushi cha bure cha MKVToolNix:

```
mkvpropedit filamu.mkv \
  --edit track:a1 --set flag-default=0 \
  --set flag-visual-impaired=1 \
  --edit track:a2 --set flag-default=1
```

Hapa a1 ni mkondo wa kwanza wa sauti na a2 ni wa pili. Hesabu hii huanzia 1, tofauti na ile ya VLC. Kwenye Windows amri yote huandikwa kwa mstari mmoja, bila mikwaju ya mwisho wa mistari. Amri huondoa alama ya kuanza kwenye mkondo wa msimulizi, huutambulisha kuwa ni wa wasioona, kisha huipeleka alama ya kuanza kwenye sauti ya kawaida. Kwa kuwa maandishi ya utangulizi ndiyo yanayobadilishwa, huku picha na sauti zikiachwa kama zilivyo, kazi huisha kwa sekunde chache hata kama filamu ni kubwa. Filamu ifungwe kwanza kwenye VLC, maana faili linalochezwa linaweza kukataa kuandikwa. Asiyependa kuandika amri hufungua faili kwenye sehemu ya Header editor ya MKVToolNix, hubadilisha alama ya Default track ya kila mkondo, kisha huhifadhi.

Kuufuta kabisa mkondo wa msimulizi kunawezekana, lakini kunahitaji faili litengenezwe upya, na nafasi inayookolewa kwenye diski ni ndogo kwa kuwa picha ndiyo inayochukua sehemu kubwa. Tena, ukishafutwa, mtu wa nyumba hiyo asiyeona hana tena njia ya kuifuata filamu. Kuhamisha alama humpa kila mmoja anachohitaji.

Pale ambapo hakuna cha kuzima

Kuna faili ambamo menyu ya Audio Track inaonyesha mkondo mmoja tu, na msimulizi yumo ndani yake. Hapo sauti zimeunganishwa moja kwa moja na hakuna mpangilio wa VLC utakaozitenganisha. Mfano unaojulikana sana Afrika Mashariki ni filamu za kutafsiriwa, kama zile za DJ Afro wa Kenya au Lufufu wa Tanzania. Mtafsiri huzungumza juu ya sauti ya filamu, na mchanganyiko wake hurekodiwa kama mkondo mmoja mahali pa sauti ya asili. Anayetaka kuitazama filamu hiyo bila mtafsiri hana budi kutafuta nakala nyingine.

Nje ya mafaili, kwenye huduma za kutazama mtandaoni, kanuni ni ileile ya kuchagua mkondo. Kwenye orodha ya sauti, lugha huonekana mara mbili, mara moja ikiwa peke yake na mara ya pili ikifuatiwa na maneno «Audio Description». Huchaguliwa ile iliyo peke yake. Msimulizi akiendelea kurudi kwenye iPhone, chanzo kinaweza kuwa simu yenyewe. Chini ya Settings, kisha Accessibility, kuna kitufe cha Audio Descriptions, na kikiwa kimewashwa simu hutafuta mkondo wa maelezo kila unapopatikana. Kikizimwa, chaguo la sauti ya kawaida hubaki lilivyowekwa.