je, wajua? picha 7 za same, zote zinashuka mlimani

simu imejaa, nikakaa kufuta picha. hizi saba za same zimenishinda kufuta. hazifanani hata kidogo, ila ukizitazama kwa pamoja, kila moja ina kitu kilichoshuka kutoka milima ya upare.

picha ya 1. stendi ya same, vumbi, na nyuma yake mlima umejifunika wingu. wajua mlima huo ndio unaoinyima same mvua? upepo wa bahari ya hindi unaupanda kwa upande wa mashariki, unapoa, unamwaga maji kule juu. ukivuka kuja huku magharibi, umebaki mkavu. juu watu wanavaa masweta, chini ni mkonge na miiba.

picha ya 2. mti msituni shengena, shina lote limeota manyoya ya kijani. wajua msitu huu unapata maji hata siku ambayo mvua haijanyesha? ukungu unagusa majani, unakuwa matone, matone yanadondoka. kilele kina mita 2,462. humu anaishi ndege mdogo mwenye duara jeupe kuzunguka jicho, jamaa wa upare kusini, ambaye hapatikani mahali pengine popote duniani.

picha ya 3. hii nimeipiga alfajiri, na kwa hii nitakaa kidogo. mnaona kama bwawa la kawaida. ni ndiva.

wajua kwa nini wapare walijenga ndiva badala ya kupeleka kijito moja kwa moja shambani? piga hesabu. tuseme kijito cha kiangazi kinatoa lita 2 kwa sekunde. maji hayo ukiyaachia kwenye mfereji mrefu wa udongo mkavu, ardhi inayanywa njiani, shamba la mwisho halioni kitu. sasa yakusanye usiku, saa 12 jioni hadi saa 12 asubuhi: ni sekunde 43,200, yaani lita 86,400. kizibo kikifunguliwa asubuhi na maji yote yakatoka kwa saa mbili, mfereji unabeba lita 12 kwa sekunde, mara sita ya kijito chenyewe. maji mengi ya haraka yanafika mbali kabla ardhi haijayamaliza. usiku ndio uliofanya kazi, watu wamelala.

adui wa ndiva ni tope. kila kijito kinaleta udongo, unatulia chini, nafasi ya maji inapungua. mtajuaje? ikianza kufurika kabla hakujakucha wakati kijito hakijaongezeka, imejaa tope. na ukiona majani mabichi chini ya ukuta katikati ya kiangazi, pale inavuja. dawa ni msaragambo: kila kaya inayokula zamu ya maji inatoa mtu na jembe. asiyefika anaulizwa, kwa sababu maji yake yanapita kwenye jasho la wenzake.

picha ya 4. sufuria ya makande, mvuke umeziba kioo cha kamera. mahindi na maharage hayo yamekunywa maji ya picha ya 3. sina la kuongeza, yalikuwa matamu.

picha ya 5. magunia ya tangawizi kutoka mamba miamba. wajua tangawizi haipandwi kwa mbegu? unakata kipande cha tunguu chenye jicho, unakifukia, unasubiri miezi minane hadi kumi. miezi yote hiyo inataka unyevu, kwa hiyo bila mifereji gunia hili lisingefika barabarani.

picha ya 6. barabara ya vumbi inayoingia mjini, haina mtu. wajua januari 1945 wapare kwa maelfu walishuka hapa same kupinga kodi mpya ya mkoloni, iliyoitwa mbiru? kila mtu alikuwa akikadiriwa mali yake, na wao waliona makadirio hayo hayana haki. walikuja kwa miguu, bila silaha, wakakaa. mwaka 1946 wanawake nao wakaandamana. kodi hiyo ikaondolewa. huwa nasimama kila nikipita hapa, nikiwafikiria waliobeba chakula cha siku nyingi bila kujua watarudi lini.

picha ya 7. mteremko wenye kovu jekundu, mgomba umesimama pembeni. mlima huo unaotupa maji huachia pia udongo. novemba 2009, baada ya mvua kubwa, ardhi iliporomoka kijiji cha goha, kata ya mamba miamba, ikafunika nyumba na watu ndani. kovu la kwenye picha si la goha, ni la mteremko mwingine, dogo. mwenye shamba alishapanda matete kwenye ukingo. niliyagusa, mizizi ilikuwa imeanza kushika.