Kweli au Si Kweli: Mwezi Mbaya wa Treda wa Eastlands

Mwisho wa mwezi, matreda wa Umoja, Donholm au Kayole wakikutana, kuna madai ambayo hayakosi. Tuyapime kwa mfano mmoja. Mkakati unafanya biashara ya EURUSD soko la London linapofunguliwa. Stopu iko umbali wa pip 15, na hiyo pip 15 tunaiita 1R, yaani hasara uliyoikubali kabla ya kuingia. Tredi ikishinda inaleta pip 24, sawa na 1.6R. Kwenye baktesti, mkakati ulishinda mara 45 katika kila tredi 100, na ukaacha wastani wa 0.17R kwa tredi. Mwezi huu treda wetu ameingia mara 14, ameshinda 5, na amemaliza na hasara ya 2.9R.

“Ushindi umeshuka hadi asilimia 36, mkakati umekufa.”

Si kweli, angalau si kwa ushahidi huo. Kwa tredi 14, asilimia ya ushindi huyumba kwa bahati tu, kama pointi 13 juu au chini. Kutoka 45 hadi 36 ni pointi 9, ambazo hazithibitishi chochote. Hata ukifikisha tredi 100, bado huyumba kama pointi 5 kila upande. Mtu anayebadilisha mkakati kila mwezi kwa kuangalia namba hii anakimbiza kivuli.

“Basi nilinganishe mwezi wangu na wastani wa baktesti.”

Si kweli, ingawa karibu kila mtu hufanya hivyo. Wastani wa baktesti ya miaka mitano haujui mwezi huu ulikuwaje. Chukua bei za mwezi huu huu, ziendeshe upya kwa kanuni zilezile, halafu weka matokeo kando ya daftari lako, tredi kwa tredi.

Tuseme marudio hayo yanaonyesha nafasi 20: ushindi 9 na hasara 11, jumla faida ya 3.4R. Soko halikuugeuka mkakati. Pengo la 6.3R kati ya karatasi na akaunti limetokea mikononi mwa treda au kwa broka. Marudio yenyewe yangepata hasara miezi kadhaa mfululizo, hapo ndipo ungeanza kushuku kwamba soko limebadilika.

“Tredi ambayo sikuingia haina haja ya kuandikwa.”

Si kweli, na hapa ndipo pesa nyingi zimepotelea. Nafasi 6 ziliachwa. Kati yake 4 zingeshinda na 2 zingepoteza: 4.4R zimebaki mezani. Kila nafasi iliyoachwa inahitaji mstari wake na sababu yake. Stima kupotea, au kukwama kwenye matatu Jogoo Road, ni jambo la kawaida, na huangukia ushindi na hasara bila kuchagua. Lakini sababu ikiwa “nilikuwa nimepoteza mbili mfululizo, nikaogopa” na ikajirudia mara nne, hiyo ni kanuni mpya ambayo haikujaribiwa popote.

“Broka ndiye anayekula faida.”

Kweli kwa kiasi, na ni dai linalopimika. Andika bei uliyoagiza, bei uliyopewa, na spredi ya wakati ule. Kwa oda zinazosubiri, historia ya MT5 huonyesha bei ya oda na bei iliyotekelezwa. Treda wetu anakuta kila tredi imemgharimu pip 2 zaidi ya alizoweka kwenye baktesti. Pip 2 kwa stopu ya 15 ni kama 0.13R, na kwa tredi 14 ni karibu 1.9R. Ongeza zile 4.4R, pengo lote la 6.3R limeelezeka.

Gharama haiyumbi sana kama ushindi, ndiyo maana tredi chache tu zinatosha kuisoma. Nayo inatisha zaidi: ukitoa 0.13R kwenye 0.17R, kinachobaki ni 0.04R. Kabla ya kumlaumu mtu, tazama kama bei huteleza pande zote mbili. Soko likifunguliwa, kuteleza ni kawaida. Kukiwa daima dhidi yako, hata saa tulivu, daftari hilo ndilo ushahidi wa kumpelekea broka, na ikibidi Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, ambayo ina kanuni za biashara hii tangu 2017.

“Saa ya Nairobi haibadiliki, kwa hiyo muda si tatizo.”

Nusu ya kwanza ni kweli, na ndiyo inayoleta tatizo. London hufunguliwa saa nne asubuhi yetu wakati wa kiangazi chao, na saa tano baada ya Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Seva za mabroka wengi hufuata New York, ambako saa hurudishwa Jumapili ya kwanza ya Novemba. Andika saa ya seva na saa ya Nairobi, kila moja kwenye safu yake. Ukikuta tredi za Novemba zimeingia saa moja kabla ya zile za marudio, rekebisha muda kwanza, ndipo uhesabu mwezi upya.