Bando la mwezi lisiishie katikati ya mwezi

Simu ikiunganishwa na waifai hubadilisha tabia. Ilipokuwa inatumia laini yake yenyewe ilikuwa inajibana: picha za juu hazipandishwi kwenye hifadhi ya mtandaoni, programu hazijisasishi, video inaanza kwa ubora wa chini. Ikishaona waifai hudhani imefika kwenye mtandao usio na mwisho, ikaachia kila kitu. Haijui kuwa nyuma ya waifai hiyo kuna ruta yenye laini ya simu, na kwenye laini hiyo kuna kifurushi cha kulipia kabla. Ndiyo maana familia inayonunua bando la mwezi inajikuta haina intaneti tarehe 12, na hakuna mtu aliyefanya jambo lolote la ajabu.

Tuchukue nyumba yenye kifurushi cha GB 60. Kuna runinga janja moja, simu mbili za watoto, simu ya mama na kompyuta mpakato anayofanyia kazi. Ukigawanya kwa siku 30, nyumba ina GB 2 kwa siku. Sasa angalia runinga peke yake. Video ya YouTube ya 1080p inahitaji kasi ya takriban megabiti 5 kwa sekunde, na kasi hiyo ikidumu saa nzima inakula GB 2.25. Saa moja tu ya sebuleni imeshapita mgao wa siku wa nyumba nzima. Mtu akilala huku video zinajiendesha zenyewe usiku kucha, saa nane zinaweza kuondoka na GB 18.

Dawa ni kuipunguzia runinga kasi ndani ya ruta. Jambo hili huwashangaza wengi, kwa sababu kasi na kiasi ni vitu viwili tofauti: kifurushi kinapimwa kwa GB, si kwa kasi. Lakini YouTube, Netflix na wenzao hupima kasi inayopatikana na kuchagua ubora wa picha kulingana nayo. Ukiifungia runinga kwenye megabiti 0.8, itashuka hadi 360p. Picha haikwami, inakuwa hafifu kidogo tu, na saa moja haiwezi kuzidi GB 0.36. Saa tatu kila siku kwa mwezi mzima ni kama GB 32. Simu za watoto zikipewa megabiti 0.6 kwa pamoja, saa mbili za video kila siku hazivuki GB 16 na ushee kwa mwezi. Kwa mama na kazi yake zinabaki GB 11 hivi. Hesabu ni rahisi kukumbuka: megabiti 1 kwa sekunde ikitumika saa nzima ni GB 0.45.

Nitaeleza kwa kutumia TP-Link TL-MR6400, ruta ya laini ambayo ina sehemu hii ndani yake. Majina ya menyu hutofautiana kidogo kati ya matoleo, ila mpangilio ni uleule. Fungua kivinjari ukiwa kwenye waifai ya nyumbani, andika `tplinkmodem.net` au `192.168.1.1`, ingia, kisha nenda Advanced. Kabla ya kuweka kikomo chochote, kila kifaa muhimu kipewe anwani isiyobadilika kwenye Address Reservation, iliyo chini ya mipangilio ya LAN. Runinga ipe `192.168.1.21`, kompyuta `192.168.1.20`, simu ya mama `192.168.1.22`. Ruta ikikataa anwani hizo, ziandike kwenye mipangilio ya waifai ya kifaa chenyewe.

Kisha fungua Bandwidth Control, iwashe, na kwenye Total Downstream na Total Upstream andika namba kubwa kuliko kasi halisi ya laini yako, ili sehemu hiyo isibane nyumba nzima. Ongeza kanuni ya kwanza kwa anwani ya runinga, na kwenye kikomo cha juu cha Downstream andika 800. Kipimo pale ni Kbps, yaani kilobiti. Kwenye ruta nyingine kisanduku hicho kinahesabu kwa megabiti, na ukiandika 800 utakuwa hujazuia kitu.

Kanuni ya pili ndiyo ninayoisisitiza zaidi. Watu wengi huandika kanuni ya simu ya mtoto mmoja mmoja, na baada ya muda haifanyi kazi. Sababu ni kwamba simu za sasa, kuanzia Android 10 na iOS 14, hujitambulisha kwa waifai kwa anwani ya MAC ya kubuni. Mtoto akiusahaulisha mtandao kwenye simu na kuuunganisha upya, simu inaweza kurudi ikiwa na utambulisho mwingine, ruta ikaipa anwani mpya isiyo na kikomo. Kwa hiyo geuza mpango: kibano kiwe kwa kila anayeingia, na uhuru uwe kwa wachache. Weka kanuni ya safu yote ambayo ruta hugawa, mathalani `192.168.1.100` hadi `192.168.1.199`, kwa Kbps 600. Mgeni, simu mpya, simu iliyojibadilisha, wote wataangukia humo. Kwa kawaida kikomo cha safu hugawanywa kati ya vifaa vyote vilivyomo. Kwenye simu ya mama zima MAC ya kubuni kwa mtandao huo wa nyumbani, la sivyo naye ataangukia kwenye kundi.

Upimaji ni wa dakika moja. Fungua `fast.com` kwenye simu ya mtoto. Ikionyesha 0.5 au 0.6, kanuni imeshika. Ikionyesha 15, kuna upenyo, na mara nyingi ni IPv6: kanuni inahesabu anwani za IPv4 tu, ilhali mtandao wa simu umeipa nyumba aina zote mbili. Kwenye wasifu wa APN badilisha PDP Type iwe IPv4, kisha pima tena.

Kuna kitu kimoja ambacho kibano cha kasi hakikiwezi kabisa, nacho ni mzigo wenye ukubwa maalumu. Sasisho la simu la GB 2 likipitishwa kwenye Kbps 600 litachukua kama saa saba na nusu, lakini litamalizika, na GB 2 zitakuwa zimekwenda zote. Kuchelewesha si kuokoa. Hapa lazima uende kwenye vifaa vyenyewe: kwenye Windows washa Metered connection, kwenye Android uitambulishe waifai hiyo kuwa Metered, kwenye iPhone washa Low Data Mode. Google Photos nayo izimwe isipandishe yenyewe, kwani data inayotoka inakatwa kwenye kifurushi sawa na inayoingia.

Ruta nyingi zinazouzwa na kampuni za simu hazina Bandwidth Control. Usiitupe. Chukua ruta ya kawaida ya waifai yenye sehemu hiyo, kama TL-WR840N, unganisha tundu lake la WAN kwa waya na tundu la LAN la ruta ya laini, kisha zima waifai ya ruta ya laini ili wote wapite kwenye hii mpya. Badilisha na nywila ya kuingilia mipangilio.

Siku ya kumi piga menyu ya salio ya mtandao wako. Namba ya kampuni ndiyo inayokata kifurushi, hata kama kihesabio cha ruta kinasema vingine. Kama zimebaki chini ya GB 40, ishushe runinga hadi 600. Zikibaki zaidi ya 45, ipandishe hadi 1200 na watoto waione picha ya 480p.