Mradi umekwisha, matokeo yako wapi?

Tarehe 2 Septemba 2008 Google ilitoa kivinjari chake kipya, Chrome. Kwa msimamizi wa mradi, hapo kazi ilikuwa imekamilika: programu ipo, inafanya kazi kwenye Windows, watu wanaipakua. Ila timu ilikuwa imejiwekea kipimo kingine, kwamba hadi mwaka unakwisha watu milioni 20 wawe wanaitumia kila wiki. Mwaka ukaisha na idadi hiyo haikufikiwa.

Lengo la mradi huuliza kama kitu tulichokubaliana kimekabidhiwa, kwa wakati na ndani ya bajeti. Utaratibu wa malengo na matokeo makuu, ambao wengi maofisini huuita OKR, huuliza kama kuna kilichobadilika kwa watu waliokusudiwa. Uliasisiwa na Andy Grove pale Intel katika miaka ya 1970, na John Doerr, aliyewahi kufanya kazi chini yake, akaupeleka Google mwaka 1999. Kila baada ya miezi mitatu timu huandika lengo moja au machache kwa maneno ya kawaida, na chini ya kila lengo matokeo matatu hadi matano yanayopimika kwa namba.

Turudi Chrome. Kwa mwaka 2009 timu haikushusha kiwango baada ya kukosa, bali ilipandisha hadi watumiaji milioni 50. Ilifika milioni 38. Ukigawanya unapata 0.76, na kwa desturi ya Google alama ya 0.7 kwa lengo la kujinyoosha huhesabiwa kuwa nzuri. Mwaka 2010 namba ikawa milioni 111, na safari hii ikapatikana. Katikati ya safari hiyo kulikuwa na miradi ya kawaida kabisa, mmojawapo ukiwa kutengeneza Chrome ya kompyuta za Mac, ambayo toleo lake imara lilitoka Mei 2010. Mradi huo ulihitaji orodha ya kazi, majaribio na tarehe. Namba ya watumiaji haikumwelekeza mhandisi aandike nini. Iliisaidia timu kuchagua mradi upi uanze na upi usubiri.

Sasa tuilete nyumbani. Tuseme Saccos inataka wanachama waombe mikopo kwa simu. Andiko la mradi litasema programu ikabidhiwe kufikia 30 Juni kwa shilingi milioni 40. Matokeo makuu yatasema maombi yanayoingia kwa simu yapande kutoka sifuri hadi asilimia 60, na muda wa kusubiri mkopo ushuke kutoka siku 14 hadi 3. Mimi ningeongeza la tatu, kwamba mikopo isiyolipwa isizidi kiwango cha sasa, maana njia rahisi ya kuharakisha mikopo ni kuacha kuichunguza.

Wiki ya sita baada ya uzinduzi, maombi ya simu bado ni asilimia 15. Kwa upande wa mradi hakuna kasoro: programu imekabidhiwa na mkandarasi ameshalipwa. Ila kwa kuwa kuna mtu anayetakiwa kueleza ile 15, ataketi na wanachama wachache awatazame wakijaza. Atakuta wanafika sehemu ya wadhamini na kukwama, kwa sababu kanuni bado inataka mdhamini aje ofisini kutia sahihi. Dawa yake ni kikao cha bodi kubadili kanuni, kazi ambayo haikuandikwa popote kwenye mradi.

Kosa ninalolikuta mara nyingi ni kuandika kazi na kuiita matokeo: kuendesha semina tano, kuzindua programu, kuchapa vipeperushi. Kuligundua ni rahisi. Jiulize kama unaweza kutimiza chote ulichoandika kwa juhudi za timu peke yake, hata kama hakuna mwanachama hata mmoja atakayefanya jambo tofauti na jana. Jibu likiwa ndiyo, hiyo ni kazi, nayo mahali pake ni kwenye mpango wa mradi.

Kuna kazi ambazo sizipimi kwa utaratibu huu hata kidogo. Ofisi ikihamia mfumo mpya wa mishahara, njia inajulikana na mwisho unajulikana. Alama ya 0.7 hapo ina maana wafanyakazi watatu kati ya kumi hawajalipwa. Ndiyo maana hata Google hutenganisha malengo ya ahadi, yanayotakiwa kutimia yote, na malengo ya kujinyoosha. Mkataba wenye tarehe na adhabu ya kuchelewa, au ukaguzi wa hesabu, unahitaji lengo la mradi na mtu wa kulifuatilia, basi.

Na jambo la mwisho ni bonasi. Meneja akiifunga kwenye alama za matokeo makuu, robo inayofuata ataletewa namba ambazo kila mtu anajua atazifikia. Ile asilimia 60 ya Saccos itaandikwa 20, na suala la wadhamini halitagunduliwa na mtu.