Pima Tena Maji Yakisharudi

Mtoto wa miezi 14 ameharisha siku mbili mfululizo, na asubuhi ya tatu mama yake anamfikisha zahanati. Mizani inasoma kilo 8. Macho yamezama, analialia na hatulii, na akiona kikombe anakidaka na kunywa kwa pupa. Muuguzi anabana ngozi ya tumbo, kati ya kitovu na ubavu, kisha anaiachia. Inarudi, lakini taratibu. Huyu amepungukiwa maji, ila bado anaweza kuokolewa kwa kunywa. Angekuwa amelegea hata kikombe hakitaki, na ngozi ikakaa imekunjika zaidi ya sekunde 2, angehitaji dripu papo hapo.

Lakini huyu mtoto ni mwembamba pia. Je, ni maji tu yamemtoka, au tangu zamani halishwi vya kutosha? Saa hiyo mizani haina jibu, kwa sababu maji yaliyopotea ni uzito uliopotea. Ukimlinganisha na jedwali la uzito na urefu akiwa amekauka hivi, anaweza kuandikwa utapiamlo asionao. Kwa hiyo kilo 8 zinaandikwa kwa kazi moja tu: kupiga hesabu ya maji.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Mtoto wa hali hii hupewa mililita 75 za maji ya ORS kwa kila kilo, ndani ya saa 4. Mara 8, ni mililita 600. Zikigawanywa, ni 150 kwa saa, yaani kijiko kimoja cha chai kila baada ya dakika 2. Ndiyo maana anayefanya kazi hiyo huwa mama au bibi aliyekaa naye kwenye benchi, si muuguzi. Akitapika, wanasubiri dakika 10 kisha wanaanza tena polepole zaidi. Anayenyonya aendelee kunyonya hapohapo.

Mwaka 1971, vita vya Bangladesh vilipowasukuma wakimbizi hadi Bongaon, India, kipindupindu kiliingia kambini na dripu zikapungua. Daktari Dilip Mahalanabis aliamua maji ya sukari na chumvi yachanganywe kwa wingi, na ndugu wa wagonjwa wayanyweshe kwa vikombe. Vifo vilishuka kutoka karibu 30 hadi chini ya 4 kwa kila wagonjwa 100. Siri imo kwenye utumbo: sukari na chumvi huvuka ukuta wake zikiwa pamoja, na maji huzifuata. Njia hiyo hubaki wazi hata kuhara kukiwa kumepamba moto.

Ndiyo sababu kipimo si cha kubahatisha. Pakiti nyingine ni za lita 1, nyingine za nusu lita, na imeandikwa kwenye pakiti. Chupa ya maji ya dukani ya nusu lita inatosha kuwa kipimo. Ukiweka maji machache, dawa inakuwa chumvi kali inayoweza kumdhuru mtoto. Ukiweka mengi, haina nguvu. Usiongeze sukari, usiichemshe ikishachanganywa, na kinachobaki baada ya saa 24 kimwagwe. Soda na juisi za sukari si mbadala wake, kwani sukari nyingi huvuta maji kuingia utumboni na kuhara kunazidi.

Kinachowavunja wazazi moyo ni kwamba ORS haikati kuhara. Mtoto anarudisha nguvu huku choo kikiendelea kuwa maji, basi familia inaona dawa haifanyi kazi na kukimbilia duka la dawa kuomba vidonge vya kufunga tumbo au antibayotiki. Kuhara kwingi kwa watoto hakuhitaji antibayotiki. Damu kwenye choo ni habari nyingine, hiyo hupelekwa kituoni. Nyumba nyingine humpeleka mtoto kung'olewa yale yanayoitwa meno ya plastiki, nao mtoto aliyekauka hukatwa fizi bure.

Baada ya saa 4, mtoto wetu anapimwa upya. Macho yamerudi, amekojoa, na mizani sasa inasoma kilo 8.5. Huu ndio uzito wa kupeleka kwenye jedwali. Muuguzi anazungusha pia mkanda wa kupimia mkono, katikati ya bega na kiwiko cha mkono wa kushoto: milimita 121. Kipimo hiki hakiyumbishwi sana na upungufu wa maji, na kwa watoto wa miezi 6 hadi 59 kina mipaka inayojulikana. Milimita 125 na zaidi ni kijani, chini ya 115 ni nyekundu, na katikati ni njano. Mtoto huyu ni njano. Kumbe wembamba ulikuwapo kabla ya kuhara, na nyumbani pengine wamekuwa wakisema amebemendwa. Muuguzi anabonyeza pia miguu yote miwili kwa kidole gumba kwa sekunde chache. Hakuna shimo linalobaki, hivyo hana uvimbe wa utapiamlo.

Anaruhusiwa kwenda nyumbani na ORS, mililita 50 hadi 100 kila anapoharisha kwa kuwa hajafika miaka 2, na vidonge vya zinki. Utumbo unaoharisha hupoteza madini hayo kila choo kinapotoka, na mwili hauna akiba yake ya maana, wakati ukuta wa utumbo unayahitaji ili ujijenge upya. Kipimo kilichozoeleka ni miligramu 20 kwa siku, nusu yake kwa walio chini ya miezi 6, kwa siku 10 hadi 14. Kidonge huyeyushwa kwenye kijiko cha maji safi au maziwa ya mama. Hapa ndipo wengi huachia njiani: siku ya tatu choo kinashikana, na vidonge vinabaki kabatini. Zile siku zilizobaki ndizo zinazopunguza uwezekano wa kuhara tena miezi 2 au 3 ijayo. Wengine huacha kwa sababu mtoto anavitapika. Utafiti uliofanyika Tanzania na India, ukachapishwa mwaka 2020, ulionyesha kwamba miligramu 5 au 10 zilifanya kazi bila kuachwa nyuma na 20, na kutapika kukapungua. Ukipewa kipimo kidogo na mhudumu, usidhani umepunjwa.

Kuhusu chakula, ushauri wa kulipumzisha tumbo umepitwa na wakati. Utumbo usiopata chakula huchelewa kupona. Mtoto huyu apewe uji mzito wenye karanga zilizosagwa au kijiko cha mafuta, ndizi au viazi vilivyopondwa na dagaa wa unga, kidogo kidogo mara nyingi, kwa sababu hamu ya kula ni ndogo. Uji mwepesi hujaza tumbo bila kumpa nguvu. Kuhara kukiisha, aongezewe mlo mmoja kila siku kwa wiki 2, na kwa kuwa mkanda ulisema njano, arudi kupimwa mkono na uzito.

Ingekuwa nyekundu, au miguu imevimba, karibu kila kitu kingebadilika. Kwa mtoto mwenye utapiamlo mkali, macho yaliyozama na ngozi iliyolegea si ushahidi wa kukauka, maana ndivyo alivyo siku zote, na uvimbe unaweza kuficha maji yaliyopungua. Chumvi ya ORS ya kawaida humzidi, na maji ya haraka yanaweza kuulemea moyo. Hospitali hutumia mchanganyiko wake maalumu wenye chumvi kidogo, mililita 5 kwa kilo kila nusu saa, huku pumzi na mapigo ya moyo vikihesabiwa. Vyote viwili vikipanda, kunywesha kunasimamishwa. Na hapewi vidonge vya zinki, kwa kuwa maziwa ya tiba na chakula dawa anachokula tayari vina zinki ndani yake.