Kabla ya Kupiga Windows Upya

Kompyuta inawashwa, feni inazunguka, nembo ya kiwanda inatokea, kisha badala ya Windows yanabaki maandishi meupe kwenye skrini nyeusi: No bootable device. Mashine nyingi za HP huandika Boot Device Not Found pamoja na namba 3F0, na baadhi ya Lenovo za mezani huandika Error 1962: No operating system found. Maneno yanatofautiana lakini habari ni ile ile: kompyuta imetafuta mahali pa kuanzia na haikupaona.

Ujumbe huo hausemi kwamba mafaili yamepotea. Hausemi hata kwamba diski imekufa. Hata hivyo mafundi wengi wa mitaani wana dawa moja tu kwa skrini hiyo, nayo ni kupiga Windows upya, na mashine za HP zenyewe huwaunga mkono kwa kuandika Please install an operating system on your hard disk. Mteja anayesoma hivyo huamini kuwa hakuna njia nyingine. Dawa hiyo imefuta picha za harusi, madaftari ya hesabu za maduka na tasnifu za wanafunzi ambazo muda wote zilikuwa zimekaa salama ndani ya diski.

Umeme unapoingia, kinachoamka kwanza si Windows. Ni programu ndogo iliyowekwa na kiwanda kwenye ubao mkuu, ambayo watu wameendelea kuiita BIOS hata kwenye mashine mpya zinazotumia mrithi wake, UEFI. Hukagua kumbukumbu na kibodi, kisha huchukua orodha ya vifaa iliyohifadhiwa na kuvipitia kwa zamu: pengine fleshi, halafu DVD, halafu diski ya ndani. Kifaa cha kwanza kitakachokutwa na mwanzo wa mfumo ndicho kinachokabidhiwa kazi. Orodha ikiisha mikono mitupu, ndipo ujumbe ule unapotokea.

Kwa hiyo jambo la kwanza ni jepesi mno hata watu hulipuuza: kuchomoa kila fleshi, kadi ya kumbukumbu na diski ya nje, kisha kuwasha tena. Zipo kompyuta ambazo zikikuta fleshi ya nyimbo mwanzoni mwa orodha hugota hapo hapo bila kufika kwenye diski ya ndani.

Ujumbe ukiendelea, linabaki swali moja linaloamua yote yanayofuata. Je, BIOS inaiona diski? Ili kulijibu, kompyuta huzimwa na kuwashwa huku kitufe cha kuingilia kikibonyezwa mara kwa mara tangu sekunde ya kwanza: F2 kwa Dell na Acer nyingi, F10 kwa HP, F1 au F2 kwa Lenovo. Ndani yake hutafutwa ukurasa wenye maelezo ya mashine au wa vifaa vya kuhifadhia, na humo jina la diski linapaswa kuonekana pamoja na ukubwa wake. Kutazama tu hakuharibu kitu, mradi mtu atoke bila kuhifadhi mabadiliko.

Jibu likiwa ndiyo, kuna tumaini kubwa, na kisa kinachofuata kinaonyesha kwa nini.

Kompyuta ya mezani ya duka moja la steshenari ilikuwa ya mtumba, moja ya zile zilizomaliza kazi kwenye maofisi ya ng'ambo na kuuzwa tena huku Afrika Mashariki. Kila jioni mwenye duka alizima swichi ya ukutani. Asubuhi moja, baada ya umeme kukatika usiku kucha, skrini ikaandika haikuona pa kuanzia. Fundi wa kwanza akasema umeme umeunguza diski, akashauri Windows ipigwe upya. Fundi wa pili aliingia kwenye BIOS kwanza. Diski ilikuwepo, jina lake na ukubwa wake kamili. Kisha akatazama kona ya tarehe: mashine iliamini kwamba bado ni Januari ya miaka mingi iliyopita.

Tarehe hiyo ndiyo iliyofichua ugonjwa. Kwenye ubao mkuu wa kompyuta hukaa betri ya duara bapa, upana wa milimita 20, yenye maandishi CR2032 na nguvu ya volti 3. Kazi yake ni kuendesha saa na, kwa mashine nyingi hasa za zamani, kutunza mipangilio ya BIOS wakati kompyuta haina umeme. Ikiwa kompyuta imechomekwa ukutani, umeme wa ukutani huifanya kazi hiyo hata mashine ikiwa imezimwa. Ndiyo maana betri inaweza kuchoka kwa miezi bila mtu kujua, na siku umeme unapokatika, au swichi ya ukutani inapozimwa, mipangilio yote hurudi ilivyotoka kiwandani. Umeme hulaumiwa kwa kuunguza diski, kumbe kilichokufa ni betri ambayo hata fundi saa huwa nayo.

Lakini kwa nini mipangilio ya kiwandani iizuie Windows kuanza? Hapa pana jambo ambalo linastahili kueleweka vizuri, maana ndilo huwapoteza wengi.

Kuna namna mbili za kuanzisha kompyuta. Ya zamani, ambayo BIOS huiita Legacy, husoma baiti 512 za mwanzo kabisa wa diski na kutafuta humo maelekezo ya kuanzia. Ya UEFI haishughuliki na maelekezo hayo. Hutafuta sehemu ndogo maalumu ndani ya diski, ambayo kwa Windows mara nyingi ni ya megabaiti 100 hivi, na kufungua faili la kuanzia lililomo. Diski iliyopangwa kwa namna ya kwanza hutumia jedwali linaloitwa MBR, ya pili hutumia GPT. Diski nzima, isiyo na kasoro hata moja, ikisomwa kwa namna isiyo yake, huonekana haina kitu cha kuanzisha. Ni kama mtu anayefungua kitabu cha Kiarabu kwa kuanzia kushoto: maandishi yote yapo, ila mwanzo hauko hapo.

Kompyuta ya steshenari ilikuwa imewekewa Windows kwa namna ya Legacy na muuzaji. Betri ilipokufa, BIOS ikarudi kwenye UEFI. Fundi alipiga picha ya ukurasa kwa simu ili ajue ulivyokuwa, akaenda kwenye sehemu ya Boot, akabadilisha UEFI kuwa Legacy, akahifadhi. Windows ikafunguka na hesabu zote zikiwamo. Kisha akazima, akachomoa waya wa umeme, akabonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde chache ili umeme uliobaki uishe, akafungua kasha na kubadilisha betri, upande wa alama ya kujumlisha ukitazama juu. Akawasha, akaweka tarehe sahihi, akahakikisha Legacy bado imechaguliwa. Bila betri mpya, kesho yake swichi ikizimwa wangerudi pale pale.

Sasa ifikiriwe ile njia nyingine. Fundi wa kwanza angechomeka fleshi ya Windows, na alipofika kwenye kuchagua diski angekutana na onyo kwamba diski ina jedwali la MBR, ilhali kwenye mfumo wa EFI Windows huwekwa kwenye diski za GPT pekee. Onyo hilo linautaja ugonjwa waziwazi. Wengi hulichukulia kama kikwazo tu, hufuta sehemu zote za diski ili usakinishaji uendelee, na hapo ndipo mafaili yanapoondoka kweli. Hakuna hatua inayoumiza zaidi katika habari hii yote, kwa sababu hufanyika dakika moja tu kabla ya jibu kuonekana.

Tahadhari mbili kuhusu kubadilisha namna ya kuanza. Kompyuta nyingi za miaka ya karibuni hazina Legacy kabisa, na kwa hizo Windows ilishawekwa kwa UEFI. Huko tatizo linaweza kuwa kinyume chake, au kwamba jina la Windows Boot Manager limeondoka kwenye orodha ya kuanzia. Ya pili, kama diski imefungwa kwa BitLocker, kugusa mipangilio hiyo kunaweza kuifanya Windows idai ufunguo wa tarakimu 48. Mara nyingi ufunguo huo umehifadhiwa kwenye akaunti ya Microsoft ya mwenye kompyuta, na ni busara autafute kabla ya kuanza.

Wakati mwingine diski inaonekana, namna ya kuanza ni sahihi, na bado Windows haifunguki. Hapo huenda faili la kuanzia limeharibika, labda kwa sababu umeme ulikatika wakati Windows ikijisasisha. Fleshi ile ile ya Windows ina mlango wa Repair your computer na ndani yake Startup Repair, ambayo hujaribu kutengeneza bila kugusa mafaili ya mtumiaji. Kwa mashine ya UEFI, ikishindikana, fundi anaweza kufungua Command Prompt na kuandika:

```
bcdboot C:\Windows
```

Amri hii huandika upya mafaili ya kuanzia. Herufi C huenda isiwe yenyewe ukiwa ndani ya fleshi, kwa hiyo huangaliwa kwanza Windows iko kwenye herufi gani.

Jibu la swali letu likiwa hapana, yaani BIOS haioni diski kabisa, mambo hubadilika. Kwenye kompyuta ya mezani kuna waya mbili zinazofika kwenye diski ya SATA, mmoja wa data na mmoja wa umeme, na wowote unaweza kulegea kompyuta ikihamishwa au ikisafirishwa kwenye barabara mbovu. Umeme ukiwa umechomolewa, huchomolewa zote mbili na kurudishwa kwa kukaza, na ikiwezekana hujaribiwa waya mwingine wa data. Kwenye kompyuta mpakato nyingi diski ya M.2 hushikwa na skrubu moja ndogo, nayo huweza kutolewa na kurudishwa vile vile.

Diski inayotokea leo na kutoweka kesho iko njiani kufa, na ile ya kuzunguka inayotoa mlio wa tik tik haipaswi kuwashwa tena kwa kujaribu. Kila kuwasha kunaweza kukwangua zaidi nyuso zake za ndani. Fundi mwenye adapta ya USB huitoa, huichomeka kwenye kompyuta nyingine na kunakili mafaili yale ya lazima kwanza. Mwenye kompyuta ana haki ya kuketi hapo, kuyafungua baadhi yake kwenye diski mpya na kuona yanasomeka, ndipo aruhusu Windows ipigwe.